Picha ya tablo si ruhusa ya kuvuta waya

LUSANGI – Katika sehemu nyingi za kusini mwa Maniema, umeme hautoki kwenye nguzo za SNEL. Unatoka kwenye grupu inayonguruma nyuma ya nyumba, ao kwenye paneli za jua zilizofungwa juu ya mabati. Mwenye grupu anawasha taa zake, anachaji simu za watu kwa franka kidogo, na jirani akiomba, anavuta waya mmoja zaidi. Fundi anayeaminiwa mara nyingi yuko Kindu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo, na hali ya barabara kila mtu anaijua. Basi watu wamejipatia njia ya mkato. Wanapiga picha ya tablo, wanaituma kwa simu, na kisha jibu linarudi: « Iko sawa, vuta tu. »

Jibu hilo ni baya. Si kwamba fundi hajui kazi. Ni kwamba picha haina uwezo wa kubeba jibu hilo. Picha ya tablo inaweza kusema hapana. Haiwezi kusema ndiyo. Mwenye kusema ndiyo kwa picha peke yake anacheza na maisha ya watu wengine. Na watu hao mara nyingi ni familia zilizohama makwao, zinazolala katika darasa la shule ao katika ukumbi wa kanisa, kwa maana ni huko waya wa nyongeza unakoelekezwa.

Ili jambo lieleweke, ni vizuri kuchukua picha moja ya mfano na kuisoma pole pole. Tablo iko katika nyumba ya kuchajia simu karibu na soko. Grupu ni ya kVA 5. Mwenye nyumba anataka kupeleka umeme katika shule iliyo nyuma, mita 60 kutoka hapo, ambako familia za wakimbizi wa ndani zinalala. Katika picha kunaonekana vifaa vitano vilivyopangwa kwa mstari. Cha kwanza upande wa kushoto ni kipana, kina kibonye chenye herufi T, na kimeandikwa 40 A na 0,03 A. Vinne vinavyofuata ni dijonkteri, yaani vile vifaa vinavyokata umeme vyenyewe. Vimeandikwa C10, C16, C16 na C32. Chini ya kila kimoja kuna kipande cha karatasi kilichobandikwa: TAA, PRIZI, FRIGO, SHULE.

Mtu anayetazama haraka anafurahi. Anaona kuna 40 ya kuingilia, kuna 32 tayari kwa shule, na majina yako wazi. Anajibu: vuta. Amekosea mara tatu, na kila kosa linatoka katika kusoma namba kama ahadi.

Kosa la kwanza ni ile 40. Kifaa cha kwanza si dijonkteri. Ni diferansieli, na ushahidi uko ndani ya picha yenyewe: kina kibonye cha T, kina 0,03 A, na mbele ya 40 hakuna herufi B, C ao D. Namba 40 katika kifaa cha namna hiyo inasema kwamba kinaweza kupitisha ampea 40 bila kuharibika. Haisemi kwamba kitakata ampea zikipita 40. Kazi yake ni nyingine: kinalinganisha umeme unaokwenda na umeme unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30, kinakata. Kinalinda mtu aliyeguswa na umeme unaokimbilia ardhini. Waya unaoungua kwa mzigo mkubwa hakiuoni, kwa maana unaokwenda na unaorudi vingali sawa.

Tena ile 40 haisemi kwamba kuna ampea 40 za kutumia. Grupu ya kVA 5 kwa volti 220 inatoa kama ampea 22 hivi. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye tablo haiongezi hata taa moja. Picha ya tablo peke yake haionyeshi kuna grupu gani nyuma yake, na bila kujua hilo, hesabu yote inayofuata ni ya kubuni.

Kosa la pili ni ile C32, na hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Watu wengi wanaamini kwamba dijonkteri kubwa ni nzuri zaidi, sababu « haikatikati ovyo ». Lakini namba ya dijonkteri haichaguliwi kwa kutazama mashine ambazo mtu anataka kuwasha. Inachaguliwa kwa kutazama waya unaotoka chini yake. Kwa desturi ya mafundi wa nyumbani, waya wa shaba wa milimita mraba 1,5 unawekewa dijonkteri isiyopita 16. Wa 2,5 usipite 20. Wa 4 usipite 25. Ili mtu aweke 32, anahitaji waya wa 6, ambao ni mzito na wa bei. Je, ni waya wa 6 uliovutwa kwenda shuleni? Picha haisemi. Waya umeingia nyuma ya kifuniko, na hata kama ncha yake inaonekana, ngozi ya plastiki inaweza kuwa nene na shaba ndani ikawa nyembamba. Tuseme basi ni waya wa 1,5, kama ule unaopatikana kwa urahisi sokoni.

Dijonkteri ina njia mbili za kukata. Ya kwanza ni ya joto, na inakwenda pole pole. Ile ya 32 iliyotengenezwa kwa kanuni ya vifaa vya nyumbani hailazimiki kukata ndani ya saa nzima mzigo ukiwa wa ampea 36. Ni mzigo ukifika ampea 46 hivi ndipo inalazimika kukata kabla saa haijaisha. Waya wa 1,5 unaopitishwa chini ya mabati yenye jua, ao uliokunjwa ndani ya mfuko kwa sababu ulikuwa mrefu, unachemka mapema kuliko hapo. Na sababu grupu yenyewe inachoka kwenye ampea 22, dijonkteri ya 32 haitafanya kazi hata siku moja. Iko pale kama mlinzi aliyeambiwa asiamke mpaka wezi wafike 40, wakati kijijini kuna wezi 22 tu.

Njia ya pili ni ya sumaku. Hiyo inakata mara moja, nyaya mbili zikigusana. Herufi iliyo mbele ya namba inaeleza inaamka wapi. B inaamka kati ya mara 3 na mara 5 ya namba yake, C kati ya mara 5 na mara 10, D kati ya mara 10 na mara 20. Kwa hiyo C32 inahitaji angalau ampea 160, na ili mtu awe na uhakika kabisa inahitaji 320.

Hesabu ya waya wa shule haina ugumu. Umeme unakwenda mita 60 na kurudi mita 60, jumla mita 120. Shaba ya milimita mraba 1,5 kwa urefu huo ina uzuio wa omu 1,4 hivi. Volti 220 ukizigawa kwa 1,4 unapata ampea 157. Maana yake nyaya zikigusana mwisho wa mstari, kule darasani, hata kama nyuma kungekuwa na mtandao wenye nguvu isiyo na mwisho, C32 isingekuwa na sababu ya kukata mara moja. Na nyuma hakuna mtandao. Kuna grupu ndogo, ambayo nyaya zikigusana inatoa labda mara mbili ao mara tatu ya ampea zake kwa muda mfupi, wakati mwingine hata chini ya hapo, kisha inalegea. Ampea 60 hivi hazitamwamsha mlinzi wa 160. Waya unaendelea kuwaka juu ya vichwa vya watoto mpaka njia ya joto ikumbuke kazi yake, ao mpaka grupu izime yenyewe, ao mpaka mtu apige kelele.

Hapo picha imesaidia kweli, ikiwa anayesoma ni mwaminifu. Kwa kuona C32 na kuambiwa kwamba mstari ni wa mita 60 na grupu ni ya kVA 5, fundi aliye Kindu anaweza kujibu bila shaka: usivute. Huo ndio uwezo wa picha. Inatosha kukataa. Lakini kama katika picha ile ile kungekuwa na C10 mahali pa C32, bado asingeweza kusema vuta. Angesema tu kwamba sababu ile moja ya kukataa imepungua.

Kosa la tatu ni ile karatasi iliyoandikwa SHULE. Namba iliyochapwa kwenye dijonkteri iliwekwa na kiwanda. Karatasi iliwekwa na mtu, siku fulani, akiwa na mawazo ya siku ile. Tangu hapo mstari umeweza kugawanywa mara tatu. Aliyeandika PRIZI labda alihamisha prizi moja kwenye mstari wa FRIGO kwa sababu ulikuwa karibu, na hakubadilisha karatasi. Hakuna picha inayoweza kufuata waya ndani ya ukuta. Na kosa hili ndilo linaloua fundi mwenyewe: anashusha kidole cha PRIZI, anaamini karatasi, anashika waya ambao bado una umeme wa FRIGO.

Vilevile kidole kilichoshuka ndani ya picha hakithibitishi kwamba mstari umekufa. Nyumba nyingi za hapa zina grupu na paneli za jua kwa pamoja, na umeme unaweza kuingia kwa mlango wa pili ambao haumo kwenye picha. Kuna njia moja tu ya kujua: kushusha kidole, kisha kwenda mwisho wa mstari na kifaa cha kupimia. Kifaa hicho kinajaribiwa kwanza mahali panapojulikana kuwa na umeme, kinapimwa kwenye waya, kisha kinajaribiwa tena mahali pale pa kwanza, ili isije ikawa ni betri yake iliyokufa ndiyo inayosema hakuna kitu. Kazi hiyo inafanywa na mikono iliyo Lusangi. Macho yaliyo Kindu hayawezi kuifanya.

Kuna jambo jingine ambalo linadanganya hata wenye kujua kidogo. Fundi anaomba kwa simu: bonyeza T, utume video. Kibonye kinabonyezwa, kifaa kinakata kwa kishindo, kila mtu anapumua. Kujaribu ni vizuri, na kunapaswa kufanywa. Lakini kibonye kile kinapitisha umeme kidogo kutoka waya mmoja kwenda mwingine ndani ya kifaa chenyewe. Kinathibitisha kwamba kifaa kinaweza kukata. Hakithibitishi kwamba kuna chuma kilichozikwa ardhini, wala kwamba waya wa ardhi umefika kwenye prizi, wala kwamba grupu imefungwa na ardhi. Grupu nyingi ndogo zinauzwa zikiwa hazikufungwa na ardhi hata kidogo. Katika hali hiyo kosa la kwanza linaweza kukaa kimya bila diferansieli kuliona, na watu wanaendelea kutumia. Kosa la pili likitokea kwenye waya ule mwingine, ndipo mtu anaumia. Video ya kibonye inaonekana sawasawa katika nyumba yenye ardhi nzuri na katika nyumba isiyo na ardhi kabisa.

Na misumari inayobana waya je? Msumari uliolegea unapasha joto mahali pamoja, na dijonkteri haiwezi kujua, sababu ampea hazikuongezeka. Picha ikionyesha plastiki iliyogeuka kahawia ao iliyoyeyuka, hiyo ni habari ya kutosha kuzima. Picha isipoonyesha, haijasema kitu. Huenda msumari ulilegea jana. Huenda weusi uko nyuma ya kifuniko. Hata maandishi ya kiwandani yanaweza kuigwa: kifaa cha bandia kimeandikwa C16 vizuri kama cha kweli, na herufi zake zinang'aa hata kuliko za kweli.

Wanaotetea njia ya picha wana neno lao, na si la kudharauliwa. Wanasema fundi hapatikani, safari ni ya pesa, na watu waliokimbia makwao hawawezi kungoja gizani mwezi mzima. Wanasema mwanamke anayejifungua usiku anahitaji taa, na simu isipochajiwa, familia iliyotawanyika kati ya Salamabila na Kasongo haitajuana iko wapi. Yote hayo ni kweli. Lakini hoja hiyo inatetea taa. Haitetei mstari wa C32. Taa chache na simu kadhaa hazifiki hata ampea 3. Paneli moja ya jua na betri yake zikiwekwa pale pale shuleni, kwa volti 12 na fyuzi ndogo karibu na betri, zinafanya kazi hiyo bila waya wa mita 60 kupita juu ya uwanja. Haraka ya kupata mwanga haikumlazimisha mtu kuchagua njia iliyo ya hatari zaidi. Kilichomsukuma ni urahisi, na pengine pesa za kila simu.

Kuna pia wale wanaopenda picha kwa sababu nyingine. Kamati ao mradi unapolipa kazi ya umeme katika mahali pa kupokea wakimbizi wa ndani, mara nyingi kinachoombwa ni picha: kabla na baada. Tablo mpya, nyeupe, yenye karatasi zilizoandikwa vizuri, inapendeza katika ripoti. Anayelipa amelipia sura ya tablo. Waya ulio nyuma yake hakuna aliyeuomba, kwa hiyo fundi asiye mwaminifu anajua pa kupunguza: anaweka dijonkteri nzuri mahali panapoonekana, na waya mwembamba mahali pasipoonekana. Picha haikumkamata. Picha ndiyo iliyomfundisha.

Dawa yake haihitaji mtu kutoka Kinshasa. Picha ya tablo itumwe, lakini isitumwe peke yake. Iende na picha ya kibao cha grupu, ambapo kVA na volti zimeandikwa. Iende na picha ya maandishi yaliyo kwenye ngozi ya waya, kwa maana waya mzuri unajitaja wenyewe: 3G1,5 maana yake nyaya tatu, mmoja ukiwa wa ardhi, kila mmoja wa milimita mraba 1,5. Maandishi hayo yasomwe mwanzo wa mstari na mwisho wake, sababu katikati waya unaweza kuwa umeunganishwa na mwembamba. Urefu upimwe kwa hatua ao kwa kamba, usikisiwe. Picha zote zipigwe kifuniko kikiwa kimefungwa. Mtu asiye fundi asifungue tablo ili kumridhisha aliye mbali, hata kama kidole cha juu kimeshushwa.

Na fundi aliye mbali naye ajiwekee mpaka. Majibu yake yawe matatu tu: zima, usivute, ao ngoja niulize. Lile la nne, vuta tu, liwe la mtu aliyefika, aliyebana misumari kwa mkono wake, aliyepima ardhi, aliyefuata kila mstari mpaka mwisho na kuandika jina lake na tarehe ndani ya mlango wa tablo. Kamati inayolipa iombe karatasi hiyo kabla ya kuomba picha: waya wa kipimo gani, mita ngapi, chanzo gani cha umeme, nani alipima na siku gani. Karatasi inaweza kudanganya pia, lakini ina jina la mtu wa kuulizwa.

Familia zinazolala katika darasa hazikuchagua waya unaopita juu yao. Hazikuona picha, wala hazikusikia jibu la simu. Lakini nazo zina haki ya swali moja rahisi, na mwenye grupu analazimika kulijibu: waya huu ni wa ngapi, na dijonkteri yake ni ya ngapi? Akijibu 1,5 na 32, grupu izimwe usiku huo huo, mpaka dijonkteri ibadilishwe na fundi afike. Akijibu kwamba fundi ameona picha, hajajibu kitu.